Kuamua bila kujua uwezekano: jedwali la matokeo kwa muuza unga wa Lubumbashi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia Mama mmoja anayeuza unga wa mahindi katika mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Unga wake hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na swali lake lilikuwa hili: anunue mifuko 300 leo, anunue nusu, au anunue kidogo kidogo kila wiki? Hakuna aliyeweza kumwambia uwezekano wa mpaka kufungwa kwa mahindi, na mimi sikutaka kuubuni.

Hatua ya 1: Jedwali

Weka machaguo katika mistari na hali za soko katika safu, kisha ujaze faida kwa dola. Mfuko leo ni dola 14. Unga ukijaa, baadaye ataununua kwa 11, na yote atauza kwa 13. Soko likitulia, ataununua kwa 14 na kuuza kwa 16. Mpaka ukifungwa, hatapata mzigo mpya, na mifuko iliyopo itauzwa kwa 20. Depo humgharimu dola 60 kwa mifuko 300 na dola 30 kwa mifuko 150. Katika hali zote tunachukulia kwamba mwezi mmoja humaliza mifuko 300, ikiwa ipo.

| | Unga umejaa | Soko limetulia | Mpaka umefungwa |
|---|---|---|---|
| A: 300 leo | -360 | 540 | 1740 |
| B: 150 leo, 150 baadaye | 120 | 570 | 870 |
| C: kila wiki | 600 | 600 | 0 |

Hatua ya 2: Maksimini na maksimaksi

Kwa maksimini, tazama tokeo baya kuliko yote la kila mstari (-360, 120, 0) na uchague lililo kubwa kati ya hayo: B. Kwa maksimaksi, tazama tokeo bora la kila mstari (1740, 870, 600) na uchague kubwa: A.

Hatua ya 3: Majuto

Kigezo hiki kilipendekezwa na mwanatakwimu Leonard Savage mwaka 1951, na ndicho kilichonipotezea jioni nzima. Majuto ni tofauti kati ya faida uliyopata na faida kubwa ambayo ungeipata *katika hali ileile ya soko*. Kwa hiyo unashuka kwenye safu, huendi na mstari. Mpaka ukifungwa, bora ni 1740. Aliyechagua B anajutia 1740 - 870, yaani 870.

| | Umejaa | Limetulia | Umefungwa | Majuto makubwa |
|---|---|---|---|---|
| A | 960 | 60 | 0 | 960 |
| B | 480 | 30 | 870 | 870 |
| C | 0 | 0 | 1740 | 1740 |

Tunachagua majuto makubwa yaliyo madogo kuliko mengine: B.

Mara ya kwanza mimi napendelea daftari la miraba na penseli, kwa sababu kwenye kompyuta alama ya $ ya fomula ikikaa mahali pasipofaa, fomula ukiinakili hutafuta kilicho bora katika seli zisizo zake na jedwali huharibika bila onyo lolote. Ukiitumia kompyuta, andika hivi katika seli ya kwanza, kisha uinakili:

```
=MAX(B$2:B$4)-B2
```

Kagua hivi: kila safu ya majuto lazima iwe na sifuri angalau moja, na kusiwe na namba hasi popote.

Kosa langu halikuwa hilo, hata hivyo. Niliona kwamba C haichaguliwi na maksimini wala maksimaksi, nikaufuta mstari wake ili jedwali liwe jepesi kabla ya kuhesabu majuto. Safu ya kwanza ikabaki na 120 kama tokeo bora badala ya 600. Majuto makubwa ya A yakashuka hadi 480, ya B yakabaki 870, na jibu likageuka kuwa A, ingawa hakuna faida hata moja ya A au B iliyobadilika. Nilirudia hesabu mara nyingi nikitafuta kosa la kutoa, na halikuwapo. Huu ni udhaifu wa kigezo chenyewe, na mwanatakwimu Herman Chernoff aliukosoa mwaka 1954: chaguo ambalo hutalichukua linaweza kubadilisha mpangilio wa yale mengine.

Kwa sababu hiyo sifuti mstari kwa kuwa umeshindwa. Ninauacha ikiwa mwenye biashara anaweza kweli kuufuata kesho asubuhi, na ninauondoa ikiwa hawezi. Mama anaweza kununua kila wiki, maana ndivyo alivyofanya miaka yote, basi C inabaki.

Hatua ya 4: Namba inayobeba uamuzi

Bei ya 20 ilikuwa makadirio yake, kwa hiyo tulitafuta mahali ambapo jibu linageuka. Majuto makubwa ya A hayategemei bei hiyo; ni 960. Ya B, mpaka ukifungwa, ni faida ya mifuko 150 aliyoikosa ukitoa dola 30 za depo, nayo hufika 960 bei ikiwa dola 20 na senti 60. Juu ya hapo kigezo cha majuto huchagua A. Nilimuuliza kama unga umewahi kupita bei hiyo kwenye meza yake. Alijibu kwamba wateja wake hugeukia unga wa muhogo kabla haujafika hapo, akaenda kununua mifuko 150.