Kulibadili gauni jeupe liwe kanga ndani ya Photoshop, nakshi ifuate mikunjo

Dada mmoja anayeuza kanga mtandaoni aliniomba nimsaidie: ana picha moja nzuri ya mwanamitindo aliyevaa gauni jeupe la pamba lililoacha mabega wazi, na kila mzigo mpya ukiingia anataka picha ileile ionekane kama dada huyo amejifunga kanga mpya kifuani. Tulifanya naye, na haya ndiyo maelezo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo. Natumia filta ya `Displace` ya Photoshop, inayosogeza nakshi kwa kufuata mwanga na giza la picha nyingine iitwayo ramani. GIMP nayo ina filta ya namna hii kwenye `Filters > Map > Displace`, ila namba za hapa usizihamishie kule.

Hatua ya 1: Picha

Gauni liwe jeupe au la kijivu, kitambaa kisichong'aa, mwanga utoke upande mmoja. Satini achana nayo. Ule mng'ao wake filta inausoma kama kitambaa kimeinuka, na nakshi inavurugika mahali pasipo na mkunjo wowote. Kata maski ya gauni na uihifadhi.

Hatua ya 2: Kanga yenyewe

Ipige pasi, itandaze sakafuni, piga picha ukiwa juu yake kabisa. Pindo zote nne zionekane zimenyooka.

Halafu kipimo, jambo ambalo wengi wanaliruka. Kanga ina urefu wa sentimita 150 hivi na kimo cha 110. Kwenye picha yetu, kutoka kifuani hadi chini ya gauni ni pikseli 1650, kwa hiyo kila sentimita ya kanga inachukua pikseli 15. Ukiipunguza kanga ili maua mengi yaingie, mteja anayeijua kanga atashtuka mara moja, maana pindo litakuwa jembamba kama utepe. Igeuze leya hiyo kuwa `Smart Object` kabla hujaigusa.

Hatua ya 3: Izungushe mwilini kwa mkono

Filta ya kusogeza haijui mwili ni mviringo. Inachojua ni mikunjo midogo tu, kwa hiyo umbo kubwa unalitengeneza wewe kwa `Edit > Transform > Warp`. Mbele ya nyonga panakaa karibu nusu mita ya kitambaa, lakini kwenye picha upana wake ni sentimita 35 hivi. Katikati acha nakshi ya ukubwa wake, pembeni ibane. Pindo la chini lipinde kufuata ukingo wa gauni.

Penye mkunjo mzito, ambapo kitambaa kimeingia ndani na kujificha, usivute. Nakili leya ya kanga, kila kipande kiwe na maski yake kinachoishia kwenye mstari wa mkunjo, kisha kisogeze kipande cha pili pembeni sentimita mbili tatu. Ua linakatika na kuendelea mbele kidogo, kama linavyofanya kwenye kanga halisi. Hakuna ramani itakayokufanyia hilo. Vivyo hivyo ule ukingo wa kanga unaopita juu ya mwenzake mbele: gauni halina, kwa hiyo weka kipande cha pindo kinachoshuka wima kutoka kifuani, na kivuli chembamba chini yake.

Hatua ya 4: Ramani

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, na filta inasingiziwa bure.

Filta inasoma mwanga wa ramani kuanzia 0 hadi 255. Kijivu cha 128 hakisogezi kitu. Kinachozidi hapo kinasukuma upande mmoja, kinachopungua kinasukuma upande wa pili. Ukiandika kipimo 100, msukumo wa juu ni pikseli 128 hivi, na ukiandika 20 ni kama 26. Sasa gauni jeupe lina wastani wa 200 hivi, yaani limezidi 128 kwa 72. Ukilitumia lilivyo kwa kipimo 20, kanga nzima inahama pikseli 14 hata pale gauni lilipo laini kabisa. Pindo ulilolipanga kwa uangalifu linatoka kwenye ukingo, unarudi kulipanga upya, linatoka tena.

Kwa hiyo nakili picha ya gauni kwenye faili jipya la ukubwa uleule wa pikseli, ondoa rangi, kisha jaza kila kilicho nje ya gauni kwa kijivu kinachokaribia rangi ya gauni lenyewe. Mikono na ukuta wa nyuma visipofunikwa sasa, weusi wao utapenya ndani ya gauni kwenye hatua inayofuata na kingo za kanga zitavutwa. Halafu `Filter > Other > High Pass`, nusu kipenyo 120 hadi 150 kwa picha ya ukubwa huu. Hiyo inaondoa kivuli kipana cha mwili, ambacho ulishakishughulikia kwa mkono, inabakiza mikunjo, na inarudisha wastani karibu na 128. Usiamini kwa macho: chagua gauni, fungua `Histogram`, soma `Mean`. Ikiwa 135, rekebisha kwa `Levels`.

Mwisho `Gaussian Blur` ya pikseli 4 hadi 6. Bila ukungu huo, nyuzi za pamba na chembe za kamera zote zinahesabiwa kuwa mikunjo, na jina la kanga linasomeka kama limeandikwa chini ya maji. Baada ya ukungu, jaza tena nje ya gauni kwa kijivu cha 128, bapa leya zote, hifadhi kama PSD.

Hatua ya 5: Kusogeza

Weka leya ya kijivu chini ya vipande vyote vya kanga, fanya nakala iliyounganishwa, hakikisha imejaza turubai bila kuzidi wala kupungua (`Select > All`, kisha `Image > Crop`). Leya isiyolingana na ramani inaweza kupata mikunjo ya mahali pengine. Kisha `Filter > Distort > Displace`, `Repeat Edge Pixels`, na uchague faili lako.

Naanza na `Horizontal` 6 na `Vertical` 15. Mafunzo mengi yanaweka 10 na 10, na matokeo yake kitambaa chote kinahama mshazari. Fikiria mstari wa jina ulioko karibu na pindo la chini: kamera ilikuwa usawa wa kifua, hivyo inautazama kutoka juu, na mgongo wa mkunjo ulio karibu nasi unatakiwa kuonekana umeshuka kidogo kuliko bonde lake. Vuta picha hadi 100% uangalie herufi hapo. Kama kwenye mgongo zimepanda, tendua na uandike `Vertical` -15. Herufi zikikatika vipande, ramani inahitaji ukungu zaidi. Kupunguza kipimo kutaficha tatizo tu.

Hatua ya 6: Vivuli

Rudisha maski ya gauni. Juu ya kanga weka nakala ya gauni lisilo na rangi kwa `Multiply`, ukiipandisha kwa `Levels` hadi sehemu nyeupe zisiitie kanga giza.

Mzigo mpya ukiingia, fungua `Smart Object`, weka kanga nyingine ya vipimo vilevile, na vipande vyote vitabadilika. Rudia kuunganisha na kusogeza kwa namba zilezile. Pindo la kanga mpya likiwa pana zaidi, kipande cha wima cha mbele na mkato wa mikunjo mizito lazima uvipange upya.