Wazee wa mfongo wasikose kwenye daftari la wadau

Ukiandaa daftari la wadau wa mradi wa maji ya bomba Moshi vijijini, usiishie kwa mwenyekiti wa kijiji na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Fuata mto hadi chanzo, kisha shuka chini ya banio uandike kila kundi linalomwagilia kwa mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Ongeza safu moja: "anaweza kuzuia nini?"

Kisha mpange kila mdau kwenye jedwali la nguvu na maslahi. Bodi ya Maji Bonde la Pangani hutoa kibali cha kutumia maji: nguvu kubwa, maslahi madogo. Ombi liende mapema. Wazee wa mfongo hawana cheo kwenye karatasi, kwa hiyo wengi huwaweka kisanduku cha nguvu ndogo. Kosa! Kiangazi maji yakipungua, wao ndio wanaoweza kukata bomba. Wapandishe kwenye nguvu kubwa na maslahi makubwa, mkubaliane zamu za maji kabla mtaro wa bomba haujachimbwa.