SOMO: kulipa nusu kwa pointi nusu kwa simu, na ile baki inakatwaje

Asalam alaykum wana kundi, wengi mnaniuliza habari ya pointi unazopewa ukinunua duka la mtandaoni, basi leo nieleze kwa feni niliyomnunulia mama wiki ilopita, mie nipo Mjini yeye yupo Wete.

Feni 85,000, kuipeleka Pemba 5,000, jumla 90,000. Nilikuwa na pointi 2,400 na duka lile pointi moja ni shilingi 10, kwahiyo 24,000.

Kwanza tia vitu vyote kwenye kapu na chagua anuani, ndo uguse pointi. Ukishaziweka halafu ukarudi kuongeza kitu, maduka mengine yanazifuta kimyakimya na hesabu inaanza upya.

Pili, andika idadi ya pointi kisha bonyeza "Apply". Kuandika tu haitoshi! Angalia chini, lazima utokee mstari wa kutoa 24,000 na baki iwe 66,000. Hapo pointi zilipunguza bei ya feni tu, nauli ya mzigo nililipa yote kwa pesa, soma masharti ya duka lako maana hayafanani.

Tatu, unachagua kulipa kwa simu, linakuja lile dirisha la kutia namba ya siri. Hebu tulia hapo, soma kiasi. Likiandika 90,000 usitie namba, pointi hazijaingia, ghairi urudi nyuma. Na kwenye simu bakisha kidogo cha makato, ukiwa na 66,000 kamili inaweza ikagoma.

Ikigoma usikimbilie kuagiza tena. Pointi zinafungwa tokea ulipobonyeza kulipa, zinasubiri ile baki, kwahiyo utaona salio la pointi sifuri na feni hujapata, roho inaruka. Fungua historia ya pointi, ikiwa "Pending" hazijatumika, oda ikifutika zinarudi. Yangu mara ya kwanza mtandao ulikata, nikangoja kama nusu saa zikarudi zote 2,400.

MASWALI

Swali: Dada, feni ikiwa mbovu nikairudisha napewa 85,000 taslim?
Jibu: Hapana mpenzi, kila kitu kinarudi kilikotoka. Pointi 2,400 zinarudi kwenye akaunti, 61,000 kwenye simu. Ile 5,000 ya nauli uliza duka. Ila tizama tarehe za pointi, zikiwa zimekwisha muda wake kuna maduka hayazirudishi.

Swali: Na pointi mpya napata za 85,000?
Jibu: Duka nilonunua mie linahesabu pesa ulotoa tu, pointi moja kila 1,000, nikapata 61 za feni, nauli haimo.

Swali: Mie nilikatwa pesa kwenye simu na oda ikaandika imeshindikana, pointi zimerudi pesa haijarudi, nifanyeje kaka yangu aniambia niagize tena
Jibu: Usiagize bibie. Chukua ile namba ya muamala kwenye meseji ya simu na namba ya oda, wapelekee duka zote mbili, kwa sababu pointi wanazo wao lakini pesa ipo njiani baina yao na mtandao wa simu, bila ya namba ya muamala hawaioni.