Vivumishi vya Kihispania: kutunga karatasi ya mazoezi isiyopitwa kwa kupiga vina

Chukua karatasi yoyote ya mazoezi ya Kihispania cha mwanzo na utazame sentensi zake. Mara nyingi utakuta *casa blanca*, *libro rojo*, *chicas altas*, *gatos negros*. Majibu yote yako sahihi, lakini mwanafunzi anayajaza kwa sikio tu: nomino ikiisha kwa a, kivumishi nacho kiishe kwa a. Hapa Mombasa, ambako hata mtoto wa madrasa anajua vina vya shairi, mbinu hiyo huja yenyewe. Anapata kumi kwa kumi, kisha akikutana na *el mapa* anaandika *antigua* bila wasiwasi.

Mwongozo huu ni wa kutunga karatasi moja ya sentensi 12 ambayo vina peke yake haviwezi kuipita. Unamfaa anayefundisha darasa la jioni la waongoza watalii na wafanyakazi wa hoteli, na pia anayejisomea mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 1: anzia kwenye ngeli

Usipoteze nusu saa kueleza upatanisho ni nini. Msemaji wa Kiswahili ameshaujua: kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mrefu, miti mirefu. Kinachobadilika ni mahali. Kiswahili kinapatanisha mwanzoni mwa kivumishi, Kihispania kinapatanisha mwishoni: *libro bonito, libros bonitos, casa bonita, casas bonitas*. Jinsia ni mbili tu, kiume na kike, na idadi ni mbili. Kwa hiyo kivumishi kama *bonito* kina sura nne, na baadhi ya vivumishi vina mbili.

Mambo mawili ya Kiswahili ndiyo yanayoleta makosa, na ni vizuri uyataje mapema. La kwanza ni kwamba sisi tunasema "nyumba kubwa" iwe moja au kumi, na "vyumba safi" bila kugusa neno safi. Mwanafunzi akiandika *las puertas verde*, hajasahau: ameichukulia *verde* kama "safi". La pili ni kwamba "mwalimu mrefu" hakutuambii kama ni mwanamume au mwanamke. Ndiyo sababu *María es alto* haimkwaruzi sikio hata kidogo.

Hatua ya 2: gawa vivumishi kwa sura, si kwa maana

Kwa karatasi ya kwanza unahitaji mafungu matatu.

Fungu la kwanza linaishia kwa -o na lina sura nne: *blanco, blanca, blancos, blancas*. La pili linaishia kwa -e au konsonanti, nalo halijali jinsia ila linajali idadi: *verde, verdes, azul, azules*. Likiishia kwa vokali linaongeza -s, likiishia kwa konsonanti linaongeza -es. Neno *feliz* huwa *felices*, kwa sababu tahajia ya Kihispania haipendi z mbele ya e.

Fungu la tatu ndilo linalosahaulika. Vivumishi vya utaifa vinavyoishia kwa konsonanti vinaongeza -a kwenye kike: *español, española, inglés, inglesa, portugués, portuguesa*. Vivyo hivyo vile vya -dor kama *trabajador, trabajadora*. Ukifundisha kwamba "konsonanti haibadiliki kwa jinsia" ukaishia hapo, utakuwa umepanda kosa ambalo utakuja kulipalilia mwenyewe.

Mwanafunzi atauliza alama ya juu ya *é* imekwenda wapi katika *portuguesa*. Jibu ni rahisi kwa Mswahili. Neno la Kihispania linaloishia kwa vokali, n au s hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, na halihitaji alama. *Portugués* linavunja kanuni hiyo, kwa hiyo linawekewa alama. *Portuguesa* na *portugueses* zinasomeka kama maneno yetu, mkazo uko mahali pake, alama inaondoka.

Hatua ya 3: chagua nomino zinazodanganya

Hapa ndipo karatasi inapopata makali. Kiswahili kinakupa mfano tayari: kiboko kina "ki-" kama kitabu, lakini tunasema kiboko mkubwa, si kiboko kikubwa. Umbo la nomino ni kitu kimoja, upatanisho wake ni kingine. Mwambie mwanafunzi kwamba *el mapa* ni kiboko wa Kihispania, naye hatasahau.

Nomino za kiume zenye -a zinazofaa anayeanza ni *el mapa, el día, el problema, el clima, el idioma, el programa*. Nyingi zenye -ma zimetoka Kigiriki, lakini usiigeuze kuwa kanuni ya kila -ma: *la cama* (kitanda) na *la forma* (umbo) ni za kike. Nomino za kike zenye -o ni chache: *la mano, la foto, la moto, la radio*. *Foto* na *moto* ni vifupisho vya *fotografía* na *motocicleta*, ndiyo maana jinsia ni ya kike. Na *la moto roja* ni pikipiki nyekundu. Darasa litacheka kwamba ni moto mwekundu, waache wacheke, kicheko hicho kinasaidia neno kukaa.

Kisha kuna *agua*, ambayo inawadanganya hata waliokwisha kuelewa. Nomino hii ni ya kike, lakini katika umoja inachukua *el*, kwa sababu inaanza kwa a yenye mkazo na *la agua* ingegonganisha a mbili. Kivumishi hakihusiki na mgongano huo, kwa hiyo kinabaki cha kike: *el agua fría*. Uthibitisho upo kwenye wingi, *las aguas frías*, na kwenye *esta agua*. Nomino *el águila* (tai) na *el hambre* (njaa) zina tabia hiyo hiyo.

Hatua ya 4: andika sentensi 12

Kitenzi kiandike mwenyewe. Ukimwachia mwanafunzi achague kati ya *es* na *está*, utakuwa unapima mambo mawili na hutajua lipi limemshinda. Kivumishi kiweke kwenye mabano kwa sura ya kamusi.

1. La playa es ____. (blanco)
2. Los mangos están ____. (maduro)
3. Las calles del Casco Antiguo son ____. (estrecho)
4. El pescado está ____. (fresco)
5. Las puertas son ____. (verde)
6. Los barcos son ____. (azul)
7. El mapa es ____. (antiguo)
8. Tengo las manos ____. (sucio)
9. El agua de coco está ____. (frío)
10. La fortaleza es ____. (portugués)
11. Los turistas están ____. (feliz)
12. Mi hermana ____ vive en Likoni. (mayor)

Majibu kwa mpangilio: *blanca, maduros, estrechas, fresco, verdes, azules, antiguo, sucias, fría, portuguesa, felices, mayor*.

Sentensi ya 9 ni maji ya dafu, na ina mitego miwili: *el* mbele, na *coco* karibu kabisa na pengo. Anayeandika *frío* hajatafuta nomino yenyewe. Ya 10 ni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, na inapima fungu la tatu. Ya 12 inatofautisha *-or* mbili: *trabajador* hubadilika, lakini *mayor, menor, mejor, peor* ni vya kulinganisha na havina sura ya kike. Hakuna *mayora*, ingawa wingi upo: *mayores*.

Hatua ya 5: ipime karatasi kabla ya kuipeleka fotokopi

Ijaze mwenyewe kama mtu asiyejua kitu ila vina: nakili vokali ya mwisho ya nomino, ongeza s kama nomino ina s. Kwenye karatasi hii utapata 1, 2, 4, 9 na 10, yaani 5 kati ya 12. Zilizobaki zitakupa vioja kama *calles estreches*, *barcos azulos*, *hermana mayora*. Kipimo kinachofaa ni kwamba mpiga vina asifike nusu. Akipata 8 au 9, ondoa nomino tatu au nne za *-o/-a* na uweke za -e au konsonanti, kama *calle, noche, hotel, flor*.

Usizidishe upande wa pili pia. Karatasi yenye mitego mitupu inamfundisha mwanafunzi kubahatisha kinyume, na ataanza kuandika *playa blanco* kwa kushuku tu. Zile tatu nyepesi, 1, 2 na 4, zipo kwa makusudi.

Hatua ya 6: sahihisha kwa herufi

Alama ya kosa peke yake haisemi kitu. Andika J pembeni kama jinsia ndiyo imekosewa, I kama ni idadi, na F kama mwanafunzi amekosea fungu la kivumishi. *Manos sucios* ni J. *Puertas verde* ni I. *Barcos azulos* ni F. *Felizes* ni tahajia tu, irekebishe na umpe alama yake.

Mwenye J nyingi hana tatizo la vivumishi, ana tatizo la kukariri nomino bila *el* au *la* yake. Arudishwe kwenye msamiati. Mwenye I nyingi msomee majibu yake kwa sauti, kwa kuwa asipoisikia s ya mwisho ndipo atagundua kwamba haipo. Mwenye F ndiye pekee anayehitaji kurudishiwa Hatua ya 2.

Yanayosubiri karatasi ya pili

Vivumishi vinavyofupika mbele ya nomino visiingie hapa: *un buen libro* lakini *una buena amiga*, *el primer día* lakini *la primera calle*. *Grande* hufupika mbele ya jinsia zote mbili, na maana husogea: *un hotel grande* ni hoteli kubwa kwa ukubwa, *un gran hotel* ni hoteli ya sifa.

Vilevile mchanganyiko wa jinsia, *mi hermano y mi hermana son altos*, ambapo kiume kinashinda hata kama wanawake ni kumi na mwanamume ni mmoja. Kwetu pia tukisema "meza na kiti vimevunjika" tumechagua ngeli moja iwabebe wote, kwa hiyo wazo si geni.

Rangi zilizotokana na vitu, *rosa* na *naranja*, zinaweza kubaki bila kubadilika, *zapatos naranja*, na wapo wanaoandika *naranjas*, nayo inakubalika. Zote mbili zipokee. Lakini rangi yenye maneno mawili huganda: *camisas azul claro*, si *azules claras*. Mwanafunzi aliyefanya vizuri karatasi ya kwanza ndiye atakayekosa hapo, kwa kuwa amekwisha kuzoea kupatanisha kila kitu.