Kabla hujamwandikia mhadhiri wa ng'ambo akusimamie utafiti wa uzamili

Mdogo wangu aliwahi kukesha kwenye saiba moja ya Kondele, hapa Kisumu, akituma barua pepe arobaini kwa wahadhiri arobaini wa Kanada na Ujerumani. Barua ilikuwa ile ile. Alichobadilisha ni jina la mpokeaji, na mara mbili alisahau hata hilo. Majibu yaliyorudi ni mawili. La kwanza lilijituma lenyewe, likisema profesa yuko likizo ya utafiti mpaka mwaka ujao. La pili lilisema asante, sina nafasi. “Kaka, hawa watu hawatutaki,” akaniambia. Nikamwomba anisomee alichoandika. Lugha haikuwa na shida. Shida ni kwamba alikuwa ameanza na barua, ilhali barua ndiyo huja mwisho.

Kitu cha kwanza cha kujua ni kama kozi unayoitaka inahitaji msimamizi kabla ya kuomba. Si zote. Ujerumani, kozi nyingi za uzamili ni za masomo ya darasani, na msimamizi wa tasnifu hutafutwa ukiwa tayari uko kule, unapokaribia muhula wa mwisho. Uingereza nako, ile kozi ya mwaka mmoja ya darasani hukupa msimamizi baadaye. Ukimwandikia mhadhiri mapema atakuelekeza tu kwenye ofisi ya udahili. Kanada ni tofauti. Kwa uzamili wa tasnifu, idara nyingi za sayansi hazimchukui mwanafunzi mpaka mhadhiri mmoja akubali kumsimamia, hata akiwa na alama nzuri namna gani. Kwa hiyo fungua ukurasa wa kozi yenyewe, si wa chuo kwa jumla, utafute panaposema lini msimamizi anapatikana. Kwa kazi hiyo ya nusu saa tu, barua za Ujerumani zote za mdogo wangu zilifutika kwenye orodha.

Halafu mtu mwenyewe. Soma ukurasa wake wote mpaka chini, maana wengi wana sehemu ya wanafunzi watarajiwa na wameandika humo wanataka uambatishe nini, na kama mwaka huu wanachukua mtu. Wengine huweka hata neno la kutumia kwenye mada ya barua, ili wajue nani amesoma. Angalia cheo: profesa mstaafu anaweza kuwa bado ana ukurasa mzuri wenye picha na vitabu, lakini kwa kawaida hachukui wanafunzi wapya. Angalia pia makala zake za miaka mitatu ya karibuni. Mtu aliyeandika kuhusu maziwa ya Afrika miaka kumi na tano iliyopita huenda leo anashughulikia barafu ya kaskazini.

Hapo ndipo tulipofika kwenye swali la utafiti, na hapo ndipo tulipokaa wiki tatu.

Barua ya kwanza ilisema anataka “kutafiti uchafuzi wa Ziwa Viktoria”. Ziwa lina karibu kilomita za mraba 68,800 na nchi tatu zinaligawana. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6. Mhadhiri akisoma sentensi ile haoni kazi ya miaka miwili, anaona mtu ambaye hajaanza kufikiri. Nikamuuliza: wewe unayekaa hapa, unaona nini ambacho yeye haoni? Akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho kila mvuvi wa Dunga anakijua: kuna siku maji ya Ghuba ya Winam yanakuwa kijani kwa sababu ya gugumaji, na kuna siku yanakuwa kijani kwa sababu ya mwani, na ukiwa mbali huwezi kutofautisha.

Hilo ndilo likawa swali. Setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha za ghuba hii kila baada ya siku tano hivi, kila nukta ya picha ikiwa na upana wa mita 10, na picha zinapatikana bure. Gugumaji huonekana vizuri kwa sababu majani mabichi hurudisha kwa nguvu ule mwanga usioonekana kwa macho, unaofuata baada ya wekundu. Tatizo ni kwamba mwani ukielea juu ukawa utando mzito nao hurudisha mwanga huo huo. Kipimo cha kawaida cha ukijani kikisema “mmea”, kinaweza kuwa kinakudanganya. Na tofauti ina uzito kwa mtu wa Kisumu: gugumaji hufunga njia ya mashua, lakini mwani wa buluu-kijani unaweza kutoa sumu kwenye maji ambayo mji unayavuta na kuyasafisha kwa kunywa.

Sasa angalia mdogo wangu alikuwa na nini mkononi. Ili kujua picha inasema kweli, lazima mtu awe majini siku ile ile setilaiti inapopita, asubuhi, aandike kwa simu yenye ramani kwamba hapa ni gugumaji, hapa ni mwani, hapa ni vyote. Kesho yake haifai, kwa sababu upepo unaweza kulisukuma tandiko la gugumaji mbali ndani ya saa chache. Mhadhiri aliye Ontario, Kanada, hawezi kufanya hivyo. Mtoto wa Nyalenda mwenye mjomba mwenye mashua anaweza. Kabla ya kuandika neno lolote kwa yeyote, tulipakua picha nne, tukachagua siku mbili zisizo na mawingu, naye akaenda na mjomba mara moja, siku ile ile setilaiti ilipopita. Alirudi na vituo ishirini na mbili, sita kati yake mwani, ambavyo picha ilikuwa imevihesabu kama mimea. Vituo hivyo si utafiti. Ila kwa barua ya mwombaji ni mali kubwa kuliko aya nzima ya kusema una ari.

Mipaka ya wazo lako ijue kabla hujaulizwa. Miezi ya mvua, mawingu hufuta picha nyingi, kwa hiyo usiahidi kufuatilia kila wiki. Kukusanya takwimu Kenya kunahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hata kwa Mkenya, na sampuli za viumbe zinazopelekwa nje ya nchi zina vibali vyake tena. Mdogo wangu aliamua mradi wake ubaki kwenye picha na vipimo vya majini tu, bila chupa ya sampuli kuvuka mpaka. Uamuzi huo ulipunguza maswali kabla hayajaulizwa.

Kuhusu kusoma kazi za mhadhiri, makala mbili zinatosha ukizisoma kweli. Usiishie kwenye muhtasari. Nenda kwenye sehemu ya mbinu na ile ya mwisho wanapokiri mapungufu, maana pale ndipo mhadhiri mwenyewe anakuonyesha mlango ulio wazi. Mhadhiri tuliyemchagua alikuwa amekiri kwamba mbinu yake ya kutenganisha mimea na mwani ilijaribiwa kwenye maziwa ya nchi za baridi pekee. Hatukuhitaji sifa zaidi ya kutaja hilo.

Karatasi nazo. Wasifu usizidi kurasa mbili. Shule ya msingi na majina ya wadhamini watano hayahitajiki. Nakala ya matokeo ya chuo iskani pande zote mbili, kwa sababu mara nyingi ufunguo wa alama uko nyuma. Kwetu 70 ni A, lakini katika vyuo vingi vya Kanada A huanzia 80, na mtu asiyejua akiona wastani wako wa 68 atafikiri ulikuwa unaburuta mkia. Faili ziwe PDF, zenye jina lako, wala si “scan0034”.

Pesa ni jambo ambalo watu wetu hulificha kwa adabu, na mimi naona ni adabu isiyosaidia. Mhadhiri wa sayansi kule mara nyingi hulipa mwanafunzi wa tasnifu kutoka fungu lake la utafiti, kwa hiyo hawezi kukujibu bila kujua hali yako. Kama utajilipia, sema. Kama unaomba ufadhili fulani, utaje pamoja na tarehe yake ya mwisho. Kama huna chochote, sentensi moja inatosha, bila kusimulia shida za nyumbani.

Barua yenyewe ilitoka fupi. Aliituma kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii:

“Mada: Ombi la usimamizi wa uzamili, Septemba mwakani: gugumaji na mwani, Ghuba ya Winam

Profesa,

Nilihitimu sayansi ya mazingira hapa Kenya na ninaishi Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria. Katika makala yako kuhusu kutenganisha mimea na mwani kwenye picha za setilaiti, uliandika kwamba mbinu hiyo haijajaribiwa kwenye maziwa ya tropiki. Mwezi uliopita nililinganisha picha moja ya Sentinel-2 na vituo 22 nilivyovitembelea kwa mashua siku hiyo hiyo. Vituo 6 vya mwani vilihesabiwa kama mimea. Ramani nimeambatisha.

Ningependa kujaribu mbinu yako hapa kwa tasnifu ya uzamili. Je, unatarajia kuchukua mwanafunzi Septemba mwakani, na je, swali hili linaingia kwenye kazi yako ya sasa? Nitahitaji ufadhili. Wasifu na matokeo yangu yako kwenye viambatisho.

Nashukuru kwa muda wako.”

Hakuna “mheshimiwa sana”, hakuna ndoto za utotoni, hakuna kumwita kwa jina la kwanza. Maswali ni mawili na yote yanajibika kwa mstari mmoja. Ramani ilikuwa ukurasa mmoja.

Tarehe za mwisho za kuingia Septemba huangukia sana Desemba na Januari, kwa hiyo barua iliondoka mwanzoni mwa Oktoba, Jumanne, saa kumi jioni ya Kisumu, ambayo Ontario wakati huo wa mwaka ni saa tatu asubuhi. Ilitumwa kwa mtu mmoja. Usiwaandikie wawili wa idara moja kwa mpigo. Wanakula chakula cha mchana meza moja. Wiki mbili zikipita kimya, jibu kwenye barua ile ile kwa mistari miwili, mara moja tu, kisha nenda kwa mwingine, ukibadilisha aya ya makala na si jina pekee.

Jibu lilipokuja, mdogo wangu alinipigia simu akipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu. Mhadhiri alikuwa ameandika kwamba swali linavutia na anamhimiza aombe. Nikamwambia asome tena. Kuhimizwa kuomba si kukubaliwa. Wengine humwandikia hivyo kila mtu. Alirudisha swali moja kwa upole: je, nikitimiza masharti ya idara, utakuwa tayari kutajwa kama msimamizi wangu kwenye fomu, na ufadhili utatoka wapi? Siku nne baadaye akaombwa kikao cha dakika ishirini kwa video. Tulilipia intaneti ya siku nzima, tukahamia kwa shangazi Milimani ambako stima haipotei mara kwa mara, na ramani ya vituo ishirini na mbili ikakaa wazi kwenye skrini.