Maneno kumi ya Kiitaliano kabla hujakaa meza moja na mavyaa

Ukikulia Malindi, Kiitaliano unakisikia sokoni, kwenye bodaboda na ufukweni kabla hujaketi darasani. Waitaliano walikuja kwa kazi za roketi pale Ngomeni miaka ya 1960, wakafuata watalii na wenye mahoteli, na lugha yao ikabaki midomoni mwa watu. Tabu ni kwamba Kiitaliano hicho cha ufukweni kina salamu moja, *ciao*, na kila mtu huitwa *tu*, yaani wewe wa rika. Kwa biashara kinatosha. Ukikipeleka nyumbani kwa wazazi wa mchumba wako kule Bergamo, ni kama kumwambia mzee wa mtaani "mambo vipi" pale alipongoja shikamoo.

Nawafundisha watu wanaokwenda kuonana na wakwe, na nawapa maneno kumi kwa ngazi. La kwanza unaweza kumwambia mama yeyote utakayemkuta njiani. La kumi ni la mtu mmoja peke yake. Wanaoharibu mambo wengi wao hawakusema neno baya, ila waliruka ngazi.

Hatua ya 1: Uweke ulimi sawa

Irabu zao tunazo. Konsonanti ndizo zinazowaponza watu: *ch* yao ni k yetu, na *c* ikifuatwa na e au i ndiyo ch ya chai. *Sc* mbele ya e au i ni sh. *Gli* isome l na y kwa pamoja. Herufi ikiandikwa mara mbili, ikazie. Silabi niliyoandika kwa herufi kubwa ndiyo yenye mkazo.

Hatua ya 2: Mlangoni

1. *Buongiorno, signora* (buon-JOR-no, si-NYO-ra). Hii ndiyo salamu ya mavyaa mchana. *Ciao* iache kwa wifi, shemeji na watoto.

2. *Permesso?* (per-MES-so). Ni hodi yao. Hata kama mlango uko wazi na mchumba wako ameshaingia, wewe iseme ukiwa kizingitini, ungoje *avanti* au *prego*, yaani karibu, kisha upite. Mgeni wa Pwani hana shida na hili, maana hodi tumezaliwa nayo, lakini wengi wanalisahau kwa sababu ya woga.

3. *Piacere di conoscerla* (pia-CHE-re di ko-NO-sher-la), nimefurahi kukufahamu. Ile *-la* ya mwisho ndiyo heshima yenyewe. Kwa kijana mwenzako inageuka *conoscerti*. Kama hushikani mikono na mtu asiye maharimu wako, weka mkono kifuani ukiisema, na umwombe mchumba wako awaeleze wazazi mapema. Mabusu ya mashavuni usiyaanzishe wewe, mwachie mwenyeji.

Hatua ya 3: Mezani

4. *È tutto buonissimo* (e TUT-to buo-NIS-si-mo), kila kitu ni kitamu sana. Iseme baada ya kuonja. Ukiwa huli nguruwe wala hunywi mvinyo, hilo nalo mchumba wako alimalize kwa simu kabla hamjafika, usije ukalieleza sahani ikiwa mbele yako.

5. *Mi trovo bene con voi* (mi TRO-vo BE-ne kon VOI), niko vizuri pamoja nanyi. Naipenda hii kuliko zote za ngazi ya kati. Ina upendo, na kwa kuwa inasemwa kwa wingi, haikulazimishi kuchagua kati ya wewe wa heshima na wewe wa rika. Ukikwama, kimbilia wingi.

Hatua ya 4: Kutoka *Lei* kwenda *tu*

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo familia inapokupokea au inapokuweka kando kidogo. *Lei* ni wewe wa heshima, na anayefungua mlango wa *tu* kwa kawaida ni mkubwa. Wewe uliye mdogo unaweza kumruhusu yeye akuite *tu*:

6. *Mi dia pure del tu* (mi DI-a PU-re del TU), unaweza kuniita *tu*.

Sikiliza vitenzi vyake. Akikuuliza u hali gani kwa *come sta?* bado yuko kwenye *Lei*. Akisema *come stai?* ameshakusogeza karibu. Lakini kukusogeza wewe si kukuruhusu na wewe umsogeze.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Maweni alialikwa chakula cha mchana cha Jumapili kwa wazazi wa mchumba wake. Mama alimpokea kwa *come sta?*, naye akajibu *bene, grazie, e Lei?*, yaani nzuri, asante, na wewe? Walipomaliza pasta akasema, "Signora, mi dia pure del tu." Mama akacheka: "Va bene, allora, come stai?" Pale wengi wangerukia *e tu?* Binti akabaki na *e Lei?* yake, kwa sababu ruhusa ilikuwa ya upande mmoja. Kahawa ilipoletwa ndipo mama akatamka, "Ma dammi del tu anche tu," yaani na wewe niite *tu*. Tangu hapo ndiyo *ciao* ikawa halali kwa mama. Baba hakusema kitu, basi kwa baba aliendelea na *Lei* hadi siku ya kuondoka, na hakuna aliyeona ajabu.

Hatua ya 5: Mkiwa mbali

7. *Un abbraccio a tutti* (un ab-BRA-cho a TUT-ti), nawakumbatia nyote. Inafaa mwisho wa ujumbe wa WhatsApp kwa familia, hata kama kuna mmoja ambaye bado mko kwenye *Lei*.

8. *Mi siete mancati* (mi SIE-te man-KA-ti), nimewakumbuka. Hii ni ya kuonana tena, au ya simu baada ya kimya. Angalia sana: kwa Kiitaliano anayekosekana ndiye mwenye kitenzi. *Mi manchi* (mi MAN-ki) ni mimi ninayekukumbuka wewe. Ukisema *ti manco* umemwambia mtu kwamba yeye ndiye anayekukumbuka wewe, na mavyaa atabaki anakutazama.

Hatua ya 6: Mbili za juu

9. *Ti voglio bene* (ti VO-lyo BE-ne). Haya ni mapenzi ya mama, ndugu, rafiki wa kufa na kuzikana. Kwa familia nzima ni *vi voglio bene*. Wapenzi nao huambiana, na hapo haina maana kwamba mapenzi yamepungua. Kwa mavyaa usiitangulize, mngoje aanze yeye, na isije kabla ya *tu*.

10. *Ti amo* (ti A-mo). Ya mchumba wako tu. Kwa Kiswahili "nakupenda" inamfaa mama, mtoto na mume, kwa hiyo mtu wetu huichukua *ti amo* na kumpa kila mtu. Usimwambie mavyaa, wala shemeji, hata kwa utani. Utasikia mama akimwita mwanawe *amore* au *tesoro*, isikuchanganye: hayo ni majina ya kubembeleza na mama anayo haki. Yasikufanye udhani *ti amo* nayo imefunguliwa.

Na mavyaa akikwambia *ti voglio bene* kabla hujajiandaa, usitafute sentensi ndefu. Jibu *anch'io* (an-KI-o), hata mimi, halafu umwache akukumbatie.