Thiamini kwanza, uji baadaye

Mgonjwa wa gongo akilazwa, usiishie kuuliza anakunywa kiasi gani. Muulize yeye au nduguye mara ya mwisho alikula chakula cha maana lini, ametapika siku ngapi, na suruali imelegea kiasi gani. Kisha mwambie afuate kidole chako kwa macho na, akiweza, atembee hatua chache. Macho yakichezacheza, akiyumba au akichanganyikiwa, usiseme ni pombe tu: mtibu kama ana Wernike, yaani ubongo unaoumia kwa kukosa thiamini (vitamini B1): mpe thiamini miligramu 500 kwenye mshipa, ndani ya mililita 100 za salaini kwa dakika 30, mara tatu kwa siku.

Wanga wa uji ukitangulia thiamini, mwili unamaliza akiba ndogo ya B1 na ubongo unaumia. Ila sukari ikiwa imeshuka, mpe glukosi papo hapo, na thiamini pamoja nayo.

Kwenye faili, "amepewa vitamini" haisaidii zamu inayofuata. Andika hivi: "Hajala siku 6, anayumba. Thiamini mg 500 mshipani, imeanza 8:10 mchana, imeisha 8:40. Uji wa kwanza kwa mpira 9:15." Asipoonyesha nafuu, pima magneziamu, ikipungua, thiamini haifanyi kazi vizuri.